Alichokiona Jirani, Lazima Jirani Mwenyewe Akiseme

*"Wakili, salaam. Ndugu yangu alichomwa kisu usiku akafariki. Nilipotoa ushahidi Mahakama Kuu nilisema kwamba asubuhi yake jirani aliniambia alimwona mshtakiwa akikimbia na kisu mkononi. Wakili wa mshtakiwa akapinga, jaji akakubaliana naye. Lakini niliposema kwamba marehemu mwenyewe aliniambia ndani ya tuktuk kuwa aliyemchoma ni 'kijana wa fundi', niliachwa niseme hadi mwisho. Yote mawili niliyasikia kwa masikio yangu, na nilikuwa nimeapa. Kwa nini moja likataliwe na jingine likubaliwe?" Msomaji, Kilifi*

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na pole tena kwa kulazimika kuusimulia mbele ya watu usiowajua. Kwa kuwa kesi bado iko mahakamani sitagusa suala la nani ana hatia. Nitakueleza tu kilichotokea pale kizimbani, maana naona kimekuumiza, na walioketi nawe siku hiyo walipaswa kukueleza kabla hujaingia.

Kwanza, jaji hakukuona mwongo. Mashahidi wengi wanaokatizwa namna hii hushuka kizimbani wakidhani wamedharauliwa, ilhali pingamizi lile halikuhusu uaminifu wako hata kidogo. Tuseme jaji anakuamini kila neno. Anaamini kwamba asubuhi ile jirani alikuja kwenu akakuambia maneno yale yale uliyoyataja. Sasa amejua nini? Amejua kwamba jirani alisema. Kama mshtakiwa alikimbia kweli, na kama alichoshika kilikuwa kisu kweli, hayo hukuyashuhudia wewe. Anayeyajua ni jirani, na jirani hajaapa wala hajasimama pale akaulizwa. Kiapo chako kinafika mwisho wa yale uliyoyaona na kuyasikia wewe, na hakiwezi kuvuka kikaingia kichwani mwa mtu mwingine.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inaliweka hili katika kifungu cha 63: ushahidi wa mdomo lazima utoke moja kwa moja kwa mhusika. Kama jambo ni la kuonekana, atoe ushahidi yule anayesema aliliona. Kama ni la kusikika, yule anayesema alilisikia. Kama lilijulikana kwa pua, kwa ulimi au kwa mguso, basi yule aliyelinusa, aliyelionja au aliyeligusa. Kukimbia na kisu ni jambo la kuonekana, kwa hiyo mahakama inamtaka mwenye macho.

Ili uone kwa nini inashikilia hivyo, mweke jirani yako kizimbani kwa dakika chache. Wakili wa mshtakiwa anasimama na kumuuliza: ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa wapi, ndani au barazani? Umbali gani, kama kutoka hapo ulipo hadi ule mlango? Palikuwa na taa? Ya aina gani? Ilikuwa nyuma yake au mbele yake? Ulimwona uso au mgongo? Kwa sekunde ngapi? Ulikuwa unamjua kabla? Ulijuaje kuwa ni kisu na si simu inayong'aa? Haya si maswali ya kumchosha mtu. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ya Maitanyi dhidi ya Jamhuri ya 1986, ilisema wazi kwamba shahidi mmoja anapomtambua mtu usiku, ni lazima mahakama ijue mwanga ulikuwa wa aina gani, ulikuwa na ukubwa gani, na ulikuwa upande gani ukilinganisha na huyo anayeshukiwa. Hata shahidi mkweli kabisa hukosea sura ya mtu gizani, na anayekosea kwa moyo safi huwa na uhakika sawasawa na anayepatia.

Sasa jiulize, dada: ungeulizwa wewe maswali hayo, ungejibu nini? "Sijui, jirani hakuniambia." Taa? Sijui. Umbali? Sijui. Hapo ndipo ugumu ulipo. Maneno ya jirani yanaingia mahakamani yakiwa na uzito wote wa tuhuma ya mauaji, lakini hakuna mtu ndani ya chumba kile anayeweza kuulizwa swali hata moja kuyahusu. Mshtakiwa anabaki kupambana na mtu ambaye hayupo.

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nilimtetea mzee mmoja aliyeshtakiwa kuiba mbuzi. Upande wa mashtaka ulileta mashahidi watano, na wote walisema mbuzi kaibwa na mzee huyo. Ukiwasikiliza mmoja baada ya mwingine ungesema kesi imekwisha. Nilichowauliza kilikuwa kimoja tu: wewe ulimwona, au ulijuaje? Wa kwanza aliambiwa na wa tatu. Wa tatu aliambiwa dukani na wa pili. Wa pili na wa nne waliambiwa na wa tano, mama mmoja wa pale kijijini. Naye yule mama, alipobanwa, akasema aliambiwa na mtoto wake wa miaka sita. Mtoto alisema nini hasa? Alisema ameona mtu anavuta mbuzi. Mama akamuuliza, "Ni babu fulani?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Jina la mteja wangu lilitoka kinywani mwa mama, katika swali, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na hakika. Hakuna aliyedanganya kati ya wale watano. Kila mmoja alieleza kwa uaminifu alichoambiwa, na kwa pamoja walikuwa wamebeba swali la mama mmoja wakilidhania jibu la mtoto.

Ndiyo maana napenda kuuita ushahidi huu "wa kuambiwa" kuliko "wa kusikia", ingawa wengi husema "wa kusikia". Jina hilo la pili linapotosha, na nadhani ndilo lililokuchanganya uliposema yote mawili uliyasikia kwa masikio yako. Kusikia kwenyewe hakuna kosa. Kama usiku ule ungesikia mtu akitishia nje ya dirisha lako, "Leo nitakumaliza," ungeruhusiwa kabisa kusema ulisikia tishio hilo, kwa sababu tishio ni jambo la kusikika na wewe ndiye uliyelisikia. Mahakama inaangalia maneno yale yanaletwa kuthibitisha nini.

Tofauti hiyo ilipangwa vizuri katika kesi iliyotoka nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, kesi ambayo mawakili wa nchi zetu huitaja karibu kila mara. Mtu mmoja, Subramaniam, alikamatwa akiwa amejeruhiwa na akiwa na risasi ishirini, wakati wa hali ya hatari nchini humo. Kosa hilo lilikuwa na adhabu ya kifo. Utetezi wake ulikuwa kwamba waasi walimteka na kumlazimisha, na akataka kueleza walimwambia nini. Jaji wa kesi akamzuia: hayo ni maneno ya watu wengine, waje wayaseme wenyewe. Akahukumiwa kifo. Rufaa ilipofika Baraza la Faragha, London, ambalo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, mwaka 1956, hukumu ikafutwa. Sababu ni nyepesi ukiitafakari. Subramaniam hakutaka kuthibitisha kwamba waliyoyasema waasi yalikuwa kweli. Alitaka kuonyesha kwamba yalisemwa, na kwamba mtu anayeambiwa atauawa huingiwa na hofu. Tishio humtisha mtu hata kama anayetisha hana nia ya kulitimiza. Maneno ya mtu mwingine yanakataliwa yanapoletwa ili mahakama iamini kilichomo ndani yake. Yakiletwa kuonyesha tu kwamba yalitamkwa, na kutamkwa kwenyewe kukawa na maana katika kesi, hayakataliwi.

Chukua kipimo hicho ukiweke juu ya ushahidi wako. Kama ungeulizwa, "Kwa nini ulitoka nyumbani saa ile ukakimbilia uchochoroni?" nawe ukajibu, "Jirani alinigongea akaniambia ndugu yako ameanguka," jibu hilo lingepita bila shida. Linaeleza kwa nini wewe ulikwenda kule. Lakini "jirani aliniambia alimwona mshtakiwa akikimbia na kisu" halielezi hatua yako yoyote. Kazi yake ni moja tu, kumfanya jaji aamini kwamba mshtakiwa alikimbia na kisu.

Kuna mlango mwingine mwembamba ambao mawakili hujaribu kupita. Kama jirani angekuwa anapiga kelele wakati ule ule tukio likiendelea, "Jamani, fulani anamchoma!" nawe ukaisikia kelele hiyo ukiwa ndani, mahakama ingeweza kuichukulia kuwa sehemu ya tukio lenyewe, pamoja na vishindo na kilio. Mtu anayepiga yowe mbele ya kisu hana nafasi ya kutunga. Lakini wewe uliambiwa asubuhi yake. Usiku kucha ulikuwa umepita, watu wamekutana, wameulizana, majina yameshatajwa. Mlango huo kwako umefungwa.

Sasa tuje kwa ndugu yako.

Yeye naye hakuapa. Yeye naye hawezi kuulizwa palikuwa na taa gani. Kwa kipimo nilichoeleza, maneno yake yalipaswa kukataliwa kama ya jirani. Yamekubaliwa kwa sababu sheria imeweka ruhusa ya pekee kwa makusudi, katika kifungu cha 33 cha sheria ile ile. Aya yake ya kwanza inapokea maneno ya mtu aliyefariki ikiwa aliyasema kuhusu chanzo cha kifo chake, au kuhusu mazingira ya tukio lililomletea kifo, katika kesi ambayo chanzo cha kifo hicho ndicho kinachobishaniwa. Msingi wake ni ulazima. Anayeuawa mara nyingi ndiye peke yake aliyemwona muuaji, na kama sheria ingemnyamazisha kwa kuwa amekufa, muuaji angefaidika na ukamilifu wa kazi yake. Jirani yako yu hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenu au ya nne, na anaweza kuitwa kesho. Ndugu yako hawezi kuitwa.

Huko Uingereza, ambako kanuni hii ilikulia, maneno hayo yalipokelewa tu kama marehemu alikuwa ameshakata tamaa ya kupona alipoyasema, kwa imani kwamba mtu anayejua anakwenda kukutana na Mungu hathubutu kusema uongo. Sheria yetu haidai hivyo. Ilirithi maneno ya Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika huku kwetu wakati wa ukoloni, na yetu inasema maneno yanapokelewa awe msemaji alitarajia kufa au hakutarajia. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ililirudia hilo katika kesi ya Choge ya 1985. Kwa hiyo hata kama ndugu yako alikuwa akikuambia ndani ya tuktuk, "Usilie, nitapona," na papo hapo akataja aliyemchoma, maneno yake bado yanaingia.

Tena hayalazimiki kuwa ya baada ya kuchomwa. Katika kesi moja ya India iliyoamuliwa na Baraza la Faragha mwaka 1939, Pakala Narayana Swami, mwili wa mwanamume ulikutwa ndani ya sanduku la chuma kwenye behewa la treni huko Puri. Siku chache kabla, mwanamume huyo alimwambia mkewe kwamba anasafiri kwenda mji wa Berhampur, kwa kuwa mke wa mshtakiwa alimwandikia aende akapokee pesa anazodai. Wakati anasema hivyo alikuwa mzima na hakuna aliyemgusa. Hata hivyo maneno hayo yalipokelewa, kwa kuwa yalihusu mazingira ya safari iliyoishia kwenye kifo chake. Kwa hiyo kama mchana wa siku ile ndugu yako alikuaga akisema anakwenda kuonana na nani na kwa sababu gani, na hukuwahi kulitaja hilo popote, mwambie kiongozi wa mashtaka. Ila angalia mpaka wake: lazima maneno yaungane na tukio lenyewe. Hofu ya jumla jumla, kwamba "yule mtu hanipendi" miezi kadhaa nyuma, haitoshi.

Lakini, dada, naomba usome sehemu hii polepole, kwa sababu wengi wakisikia maneno ya marehemu yamepokelewa hudhani kesi imekwisha. Kupokelewa ni kuruhusiwa kuingia tu. Uzito wake unapimwa baadaye, na hapo tahadhari yote niliyoieleza kuhusu jirani inarudi. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema katika kesi ya Okale ya 1965 kwamba kwa kawaida ni hatari sana kumtia mtu hatiani kwa maneno ya marehemu peke yake, yaliyosemwa mshtakiwa hayupo na yasiyoweza kuhojiwa, isipokuwa kuna ushahidi mwingine wa kuridhisha unaoyaunga mkono. Sheria haimkatazi jaji moja kwa moja kufanya hivyo, lakini majaji wetu huliogopa, na kwa haki.

Angalia maneno yenyewe: "kijana wa fundi". Nimeyasoma katika barua yako mara tatu. Wewe unayajua kwa sauti ya ndugu yako na unajua alimkusudia nani, au unaona unajua. Mimi nisiyejua mtaa wenu nayasoma kwa namna mbili. Kijana wa fundi anaweza kuwa mtoto wa fundi, wa kumzaa. Anaweza pia kuwa kijana anayefanya kazi kwa fundi, yule wa kushika spana na kujaza upepo. Na fundi ni yupi? Wa baiskeli, wa cherehani, au yule mwashi anayejenga kule nyuma? Tuseme ni fundi baiskeli, ana mtoto mmoja mkubwa na vijana wawili wanaojifunza kazi kwake. Hapo tayari una watu watatu ambao ndugu yako angeweza kumwita yeyote kati yao "kijana wa fundi", na kila mmoja angekuwa amemwita kwa Kiswahili sahihi kabisa. Angekuwa hai, swali moja lingemaliza mambo: kijana yupi? Sekunde mbili tu. Sasa swali hilo halina wa kujibu, na wakili wa mshtakiwa ana wajibu wa kuliuliza hewani ili jaji asikie ukimya wake.

Juu ya hapo kuna mambo ambayo mtu anayekufa hawezi kuyasaidia. Pengine alimwona mshambuliaji usoni. Pengine hakumwona, bali alikisia kwa sababu walikuwa wamegombana wiki ile. Maneno yanayotoka ni yale yale. Ukimuuliza mtu aliyelala katika damu, "Nani kakufanyia hivi?" atajibu kwa jina, hatakueleza kwanza kama alimwona au alihisi.

Utaniambia, "Lakini sikuyasikia peke yangu. Dereva wa tuktuk alisikia, na muuguzi pale hospitali aliambiwa vile vile." Hiyo inasaidia, ila si kwa namna unayodhani. Katika kesi ya Jasunga ya 1954, mahakama hiyo hiyo ya rufaa ilieleza kwamba marehemu kuwaambia watu kadhaa jina lile lile kunathibitisha kwamba hakubadilisha kauli, lakini hakuthibitishi kwamba alikuwa sahihi. Watu watatu wakichota maji kisima kimoja bado ni maji ya kisima kimoja. Dereva na muuguzi wanaweza kumwondolea jaji shaka kwamba wewe umetunga. Hawawezi kumwondolea shaka kwamba ndugu yako alikosea mtu.

Kinachounga mkono ni kitu kinachotoka mahali pengine kabisa. Damu ya marehemu kwenye nguo za mshtakiwa, ikathibitishwa na mkemia wa serikali. Kisu kilichopatikana pale mshtakiwa alipowaonyesha polisi. Mshtakiwa kutoroka mtaani usiku ule bila sababu inayoeleweka, ingawa hilo peke yake ni dhaifu, maana watu hukimbia pia kwa kuogopa kupigwa na umati. Na jirani. Jirani akija mwenyewe, akaapa, akaeleza taa ilikuwa wapi na kwamba alimwona mtoto wa fundi na si mwanafunzi wake, basi maneno ya ndugu yako yanapata mguu wa pili. Ndiyo maana nasikitika ukiona ushahidi wa jirani umetupwa. Kilichotupwa ni nakala yake mdomoni mwako. Wenyewe bado upo.

Hapo nataka kukutahadharisha kuhusu jambo ambalo nimeliona likiharibu kesi. Watu husema, "Polisi walishaandika maelezo yake, inatosha." Haitoshi. Yale maelezo ya kituoni kwa kawaida hayachukui nafasi ya mtu aliye hai anayeweza kuitwa. Wengine hudhani ruhusa ile ya maneno ya marehemu inamhusu kila aliyekufa. Tuseme jirani yako, Mungu apishe mbali, anafariki kwa maradhi kabla ya kutoa ushahidi. Aliyoyaona usiku ule hayataingia kwa mlango ule wa ndugu yako, kwa sababu hayahusu chanzo cha kifo chake yeye. Kama angekuwa ameshatoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa, ushahidi huo uliorekodiwa ungeweza kutumika hata baada yake. Asipofika kizimbani kabisa, anaondoka na alichokiona. Kwa hiyo akiwa anasita, mjue anasita kwa nini. Kama ni uvivu au kupoteza kibarua, mahakama inaweza kumpelekea hati ya kumwita, na akikaidi inaweza kuamuru akamatwe aletwe. Kama ni hofu ya kulipiziwa kisasi, upande wa mashtaka uelezwe mapema, maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi ya 2006 kwa ajili ya watu kama yeye. Usimshawishi wewe mwenyewe aseme nini. Akiulizwa kama mmezungumza kuhusu ushahidi na akajibu ndiyo, utakuwa umempa wakili wa mshtakiwa silaha.

Na hata kama upande wa mashtaka ulimsahau katika orodha yake, kifungu cha 150 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama, katika hatua yoyote ya kesi, kumwita mtu ambaye hakuwa ameitwa au kumrudisha aliyekwisha kutoa ushahidi. Omba kuonana na kiongozi wa mashtaka kabla hajafunga upande wake, umwambie kwa maneno mepesi: jirani fulani aliona, na hajaitwa.

Kwako wewe limebaki moja, kwa sababu unaweza kurudishwa kizimbani. Maneno ya ndugu yako yaseme kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema. Mahakama Kuu hurekodi kwa Kiingereza, kwa hiyo kati yako na daftari la jaji yupo mkalimani. Ukisema "alinitajia mshtakiwa", umeshamwamulia jaji. Ukisema "kijana wa fundi" na mkalimani akageuza kuwa "mtoto wa fundi", maana moja imechaguliwa na nyingine imefutwa, na hakuna aliyegundua. Kama alizungumza Kigiriama, sema hivyo, tamka maneno yenyewe, kisha yatafsiriwe. Kama ulimuuliza kwanza, "Ni fulani?" naye akaitikia, lazima useme kwamba wewe ndiye uliyetaja jina. Kama alitaja mwenyewe bila kuulizwa, sema. Kama alirudia, mara ngapi. Kama alikuwa akipotewa na fahamu na kuzinduka, sema na hilo, hata kama unaona linamdhoofisha. Likitoka kwako mwanzoni ni sehemu ya ushahidi wako. Likitolewa na dereva wa tuktuk wiki ijayo litakuwa jambo ulilolificha.

Chukua karatasi usiku huu, kabla hujazungumza tena na mtu yeyote kuhusu safari ile, uandike uliyoyasikia ndani ya tuktuk neno kwa neno, na mahali ambapo hukumbuki uandike kwamba hukumbuki.